Wachezaji wangu wanacheka badala ya kuogopa: nipunguze nini?

Swali: Fundi, assalaam alaykum. Niko Wete, natengeneza mchezo wa kutisha wa simu kwa Godot. Mchezaji anatafuta njia ya kutoka katika nyumba ya ghorofa 3 Mji Mkongwe, usiku, umeme umekatika, ana fanusi tu. Nimeweka muziki mzito tangu mwanzo na karibu kila chumba jini anatokea kwa kishindo. Wenzangu wakijaribu wanashtuka mara mbili tatu, kisha wanaanza kucheka. Nilipoongeza majini wakazidi kucheka. Nirekebishe wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Futa muziki wote leo, halafu ondoa zaidi ya nusu ya mitokeo ya jini. Kishtusho kikirudiwa bila nafasi, mwili hukizoea upesi. Cha nne hakina nguvu ya cha kwanza hata ukikipandisha sauti. Kinachomfanya mtu aogope nyumba yako ni muda anaokaa akingoja, na wewe hujampa muda huo. Muziki mzito nao unamwambia tangu mlangoni kwamba kila mahali ni pabaya, kwa hiyo hana pa kulinganisha. Unahitaji kwanza kumpa pahali pa amani, halafu umnyang'anye.

Una bahati ya kuwa na nyumba inayokusaidia. Tuseme ni Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, pale waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani kwa miezi. Anayeukumbuka wakati ule anakumbuka pia mngurumo wa jenereta vichochoroni. Chukua jenereta moja, ya jirani, iwe ndiyo sauti ya amani katika mchezo wako. Weka sheria usiyoivunja: jenereta ikiunguruma, jini haji. Usimwambie mchezaji. Akishapita vyumba vitatu atakuwa ameijua kwa masikio kabla hajaijua kwa akili, na siku jenereta itakapoanza kukohoa atasimama mwenyewe katikati ya ngazi. Watengenezaji wengi hupenda kuivunja sheria kama hii ili "kumshangaza" mchezaji. Mimi nakusihi usiivunje hata mara moja, maana ukishaivunja huna tena kimya cha kumtisha nacho.

Hapa kuna jambo la kiufundi litakalokuangusha usipolijua. Jenereta ndogo ya umeme wa hezi 50 huzunguka mara 3000 kwa dakika, na injini yake ya mipigo minne yenye silinda moja huwaka mara 25 kwa sekunde. Uzito wa mngurumo huo uko chini kabisa, na spika ya simu haiwezi kuutoa. Ukiurekodi vizuri na kuusikiliza kwa hedifoni utaridhika, kisha rafiki yako atacheza kwa spika ya simu asisikie kitu, na sheria yako yote itakuwa imepotea. Kwa hiyo hakikisha mna mtikisiko wa bati na mpumuo wa ekzosi, sauti za kati ya hezi 300 na 1000, ndizo zitakazobeba ujumbe. Kwa kuwa jenereta iko nje ya ukuta mnene wa mawe, ipitishe kwenye `AudioEffectLowPassFilter` na uweke `cutoff_hz` karibu na 1200. Ukishuka hadi 400 utapata ukuta wa kweli zaidi, lakini simu itakuwa bubu.

Jenereta inapozimika, isikatike kama swichi. Injini inayoishiwa mafuta hupungua mwendo, kwa hiyo shusha `pitch_scale` kutoka 1.0 hadi 0.6 kwa sekunde 2, halafu ndipo sauti iishe. Zaidi ya hapo, usiache utupu. Sauti ikifika sifuri kabisa, mchezaji hudhani simu imeharibika na anaiangalia simu, si chumba. Acha kitu kidogo sana: upepo unaoshuka kwenye ua wa ndani, boriti inayoalika, tone la maji kwenye ndoo. Ua huo ni hazina, kwa sababu uko wazi kutoka chini mpaka juu, na hatua za mtu wa ghorofa ya tatu zinasikika chini bila kuonekana ni za nani. Tumia hatua hizo mara chache tu, na ziwe za mtu anayetembea taratibu.

Sasa muda. Valve, waliotoa Left 4 Dead mwaka 2008, walieleza baadaye kwamba mchezo wao huhesabu msukosuko wa kila mchezaji. Ukifika kileleni hushikiliwa hapo sekunde 3 hadi 5 tu, kisha maadui hupunguzwa mno na watu wakaachwa wapumue sekunde 30 hadi 45. Huo ni mchezo wa bunduki na watu wanne. Wako una mtu mmoja na fanusi, kwa hiyo muda utakuwa mfupi zaidi. Lakini wazo ni lile lile, na linaingia katika mistari michache, ukishaandika mwenyewe `jini_karibu` na `jini_aondoke()`:

```gdscript
var taharuki := 0.0
var kilele := false
var sakafu := 25.0

func _process(delta):
    var kasi := 8.0 if jini_karibu else -3.0
    taharuki = clampf(taharuki + kasi * delta, 0.0, 100.0)
    if not kilele and taharuki >= 80.0:
        kilele = true
        jini_aondoke()
        sakafu = randf_range(10.0, 35.0)
    elif kilele and taharuki <= sakafu:
        kilele = false
```

Jini akiwa karibu, namba inapanda kwa 8 kila sekunde. Akiwa mbali inashuka kwa 3. Ikifika 80, jini anaondoka na jenereta inarudi polepole. Haruhusiwi kukaribia tena mpaka namba ishuke hadi kwenye `sakafu`, ambayo nimeifanya ibadilike kila mara. Piga hesabu uone: kutoka 80 hadi 35 ni sekunde 15, kutoka 80 hadi 10 ni zaidi kidogo ya 23. Mchezaji anapata pumzi ya kweli lakini hawezi kuihesabu. Angalia jambo moja, `jini_aondoke()` lazima imtoe kweli, apandishwe juu ya paa au avuke ua. Akibaki amekwama nyuma ya mlango, `jini_karibu` haitakuwa `false` kamwe, namba itakwama kwenye 100 na jenereta haitarudi. Iandike `taharuki` kwenye kona ya skrini unapojaribu, utaliona hilo mara moja.

Namba ikishafika sakafu, usizime jenereta papo hapo. Ngoja mchezaji afungue mlango unaofuata kwa mkono wake. Akivuka kizingiti, jenereta ikohoe na kufa. Hapo kinaanza kimya cha pili, kile cha kungoja, na mchezaji anahisi kwamba ni yeye aliyekiamsha. Kipe kimya hicho sekunde 8 hadi 20, na katika kila mara tatu, mara moja kiishe bila jini kuja kabisa. Jenereta inawaka tena, basi. Hicho chumba kitupu ndicho kitakachofanya vyumba vingine viwili vifanye kazi.

Twende chumba kimoja, sebule ya ghorofa ya kwanza. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 hivi. Fanusi yako iangaze mita 4. Mchezaji akisimama mlangoni anaona kuta zote mbili za pembeni, ila mwisho wa chumba haoni. Hapo usiweke kitu. Weka mwanga hafifu wa mbalamwezi kwenye dirisha la mwisho, ajue mlango wa kutokea uko wapi, ili atembee mwenyewe kuelekea gizani. Mwanga uoneshe njia, wala usimwoneshe jini. Jenereta ikikohoa kizingitini na kufa akiwa katikati ya chumba, ana mita 5 mbele na mita 5 nyuma, na uamuzi ni wake. Hapo tone la maji linasimama. Hiyo tu. Sekunde 6 baadaye mlango aliopitia unafunga taratibu, na jini mwenyewe haonekani mpaka mchezaji ageuke. Kishtusho kimoja, baada ya dakika nzima.

Usitumie weusi kamili, maana mtu anayecheza barazani saa kumi jioni ataongeza mwanga wa simu mpaka mwisho na giza lako litageuka kijivu. Bakiza buluu hafifu ili asihitaji kufanya hivyo.

Kuhusu mafuta ya fanusi, cheza mwenyewe kwa uangalifu kutoka chupa moja ya mafuta hadi nyingine na upime muda. Tuseme ni sekunde 110. Basi tangi lijazwe la sekunde 140, ili mwenye uangalifu afike akiwa amebakiwa na sehemu ya tano, na anayezubaa kila kona afike utambi ukipapatika. Sehemu hiyo ya mwisho iungue nusu ya kasi, kimyakimya. Atahisi ameponea chupuchupu, na kweli hajui kwamba umemsaidia. Mafuta yakiisha kabisa asife. Abaki na cheche inayoangaza mita 1. Uhaba unaoua humfanya mtu aanze upya na kukariri njia, na anayekariri haogopi tena. Asiruhusiwe pia kubeba chupa zaidi ya moja, la sivyo atalimbikiza, na ghorofa ya tatu ataipita kama mwenye taa ya barabarani.

Ukijaribu na wenzako, kaa nyuma yao usiseme kitu, na uandike mambo mawili. La kwanza ni sekunde wanazosimama mbele ya kila mlango kabla ya kufungua. Zikiongezeka kadiri wanavyopanda ghorofa, mchezo unafanya kazi. Zikipungua, una vishtusho vingi mno au vimya vyako vina urefu mmoja. La pili ni kicheko. Kicheko kinachokuja mara baada ya kishtusho ni pumzi inayotoka, usikiogope. Kinachokuja kabla ya jini kutokea maana yake wameshajua atatokea wapi, na mlango huo ndio wa kuufanya mtupu kwenye toleo linalofuata.