Mapigo kumi ya Misri: lipi lilimgusa mungu yupi?

Tumefundishwa kwamba kila pigo lilimlenga mungu fulani wa Misri. Andiko liko wapi?

Yako mawili. Katika Kutoka 12:12, usiku wa Pasaka, Mungu anasema atafanya hukumu juu ya miungu yote ya Misri. Hesabu 33:4 inarudia neno hilo, Wamisri wakiwa wanazika wazaliwa wao wa kwanza. Lakini hakuna mungu anayetajwa kwa jina, na mistari yote miwili inahusu pigo la kumi. Ile orodha ya "pigo hili, mungu yule" ni kazi ya wafasiri. Itumie, ila ipime kila mahali kwa swali moja: je, Wamisri wenyewe, katika maandishi au sanamu zao, walikihusisha kitu kilichopigwa na mungu huyo?

Chura anaabudiwaje? Na kwa nini afuate mara baada ya damu?

Hapa kipimo kinajibu vizuri. Mungu wa kike Heketi alichorwa kama mwanamke mwenye kichwa cha chura, au chura mzima, naye alikuwa mlinzi wa uzazi. Mafuriko ya Nile yalipopungua, matope yalijaa vyura, wakawa alama ya uhai unaozaliana. Hata namba 100,000 iliandikwa kwa picha ya kiluwiluwi. Wanawake walivaa hirizi za chura, na katika simulizi moja ya kale kwenye mafunjo, Heketi ni mmoja wa waliokuja kumzalisha mama wa wafalme watatu.

Sasa rudi Kutoka sura ya 1. Farao anawaamuru wakunga waue watoto wa kiume pale pale kwenye uzazi. Aliposhindwa, akaagiza watupwe mtoni. Mto huo huo ndio unaogeuka damu. Mungu wa mafuriko yake, Hapi, alichorwa na kitambi na maziwa yaliyoning'inia kwa sababu ndiye aliyelisha nchi. Sasa samaki wanakufa na watu wanachimba kandokando kutafuta maji ya kunywa (7:24). Kisha mto unatapika vyura hadi vitandani na kwenye vyombo vya kukandia unga. Waganga wa Farao nao wanaleta vyura, jambo la kuchekesha kidogo, maana aliyetakiwa ni mtu wa kuwaondoa. Kwa hilo Farao anamwomba Musa (8:8). Vyura wanakufa, wanarundikwa chungu chungu, nchi inanuka.

Na chawa na inzi?

Hapa orodha nyingi hulazimisha. Chawa hupewa Gebu, mungu wa ardhi, kwa kuwa walitoka mavumbini. Inzi hupewa Khepri, lakini Khepri ni dundu anayeviringisha mavi, si inzi. Wamisri walimjua inzi kwa njia nyingine: walitengeneza nishani za dhahabu zenye umbo lake. Ukiwa unafundisha, sema wazi kwamba hapa uhusiano ni dhaifu. Pigo la chawa lina uzito wake bila Gebu: ndipo waganga wanaposhindwa kwa mara ya kwanza na kukiri kwamba hiki ni chanda cha Mungu (8:19).

Giza la siku tatu lilikuwa dhidi ya Ra, mungu wa jua, peke yake?

Dhidi ya Ra na dhidi ya Farao pamoja. Mfalme wa Misri aliitwa "mwana wa Ra", na cheo hicho kiliandikwa mbele ya jina lake la kuzaliwa. Jina Ramesesi, ambalo ni pia la mji waliojenga Waisraeli (1:11), maana yake ni "Ra amemzaa". Jua likizimika, baba wa mfalme amenyamaza. Pigo linalofuata linamchukua mwana wa mfalme mwenyewe, kama alivyoonywa mapema: Israeli ni mzaliwa wangu wa kwanza, ukikataa kumwachia, nitamuua wako (4:22-23). Pigo la tisa na la kumi zisomwe pamoja.

Kwa nini inasemwa moyo wa Farao ni "mzito"?

Kiebrania hapo kinatumia neno la uzito hasa (7:14, kisha 8:15, 8:32, 9:7 na 9:34), ingawa kwingine kinatumia maneno ya kuimarisha na kukaza. Msomaji aliyeijua Misri angeshtuka. Wamisri waliamini kwamba moyo wa marehemu huwekwa kwenye mizani, upande wa pili ukiwekwa unyoya wa Maati, mungu wa haki. Moyo ukishindwa kwenye mizani, huliwa na Amuti, mnyama mwenye kichwa cha mamba. Neno hilo la uzito linarudi kwenye mapigo yenyewe: wingi wa inzi (8:24), tauni ya mifugo (9:3), mvua ya mawe (9:18) na nzige (10:14), yote kwa Kiebrania ni "mazito".