Mil 70 kwenye makaratasi, laki sita benki: kiwanja changu cha Kibaha kilivyonifundisha

"Wakuu naomba ushauri. Nina miaka 36, nina viwanja vitatu, kimoja kina hati (mil 30), viwili mkataba wa serikali ya mtaa (mil 12 kila kimoja), IST mil 12, boda mbili mil 4. Jumla kama mil 70. Ila benki nina laki sita tu. Rafiki yangu anasema nipo pabaya. Ni kweli? Niuze kiwanja au nitulie?"

Mkuu, rafiki yako yupo sahihi, na nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi nilikuwa hapo hapo ulipo mwaka 2021.

Nilikuwa na kiwanja Kibaha, futi 60 kwa 100, nilikinunua 2016 kwa mil 6.5. Hakikuwa na hati, ni ule mkataba wa kuandikishana kwa mwenyekiti na mashahidi na muhuri. Dalali wa pale kila nikipita ananiambia bosi hiki saa hizi ni 18, na mimi kichwani nikawa nakihesabu hivyo, mil 18 yangu ipo Kibaha imetulia. Agosti 2021 mama akadondoka bafuni akavunjika nyonga. Hospitali wakasema lazima afanyiwe upasuaji, na kwa umri wake asilale kitandani muda mrefu kabla ya kufanyiwa. Gharama yote na kifaa cha kuweka ndani ikaja kama mil 9.5, na mil 4 itangulie kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Mama hakuwa na bima. Mimi nilikuwa na mil 1.2 benki na laki tatu kwenye simu.

Nikampigia dalali Jumatatu, nikamwambia ukweli kwamba nina mgonjwa, nahitaji hela wiki hii. Hapo nilikosea lakini hata ningenyamaza wangejua tu, mtu anayeuza kwa haraka anajulikana kwa namna anavyopokea simu. Jumatano wakaja wateja wawili. Wa kwanza akasema atanipa 15, ila mil 5 sasa hivi, 5 nyingine mwezi wa kumi na mbili, iliyobaki Machi. Wa pili akasema ana mil 10.5 taslimu, Ijumaa tunaandikishana. Nikachukua 10.5. Dalali akakata asilimia 10 yake, nikabaki na mil 9.45. Mama alifanyiwa, anatembea, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila jirani yangu mwenye kiwanja ukubwa ule ule, mpaka mmoja na changu, aliuza mwaka uliofuata baada ya kusubiri kama miezi minane, akapata 17.5.

Sasa angalia hapo. Dalali hakunidanganya, kiwanja kilikuwa kweli na thamani ya karibu 18, ila ni 18 ya mtu anayeweza kukaa miezi minane. Kwa mtu wa malipo ya awamu kilikuwa 15. Kwa mtu wa Ijumaa kilikuwa 10.5. Ardhi ile ile, wiki ile ile. Mil 7 niliyopoteza haikutokana na bei ya ardhi kushuka, niliilipa kwa sababu ya muda. Ndiyo hatari ya ukwasi hiyo, yaani mali unayo ila haigeuki hela haraka bila hasara, na wengi wetu hatuioni kwa sababu tunakaririshwa ardhi haishuki bei.

Kwa nini kiwanja kisicho na hati kinaumiza hivyo? Fikiria nani anaweza kukinunua. Benki haimkopeshi mtu kununua ardhi ya mkataba wa serikali ya mtaa kwa sababu haina cha kushika. Kwa hiyo wateja wako wote ni wale wenye hela yao mkononi, na siku yoyote ile watu wenye mil 12 taslimu wanaotaka eneo hilo hilo unaweza kuwahesabu kwa vidole. Wakiwa wachache hivyo, wao ndio wanapanga bei. Halafu shida zetu zinafanana, ukiuza Januari unakuta kila mtu anauza sababu ya ada, wateja ni wale wale wachache na viwanja vimejaa, bei inazidi kushuka.

Chenye hati nacho usidhani ndio hela ya haraka. Hicho bei yake haianguki sana ila muda ndio shida. Mteja makini atafanya upekuzi ofisi ya ardhi, itahitajika ripoti ya mthamini, kodi ya pango iwe imelipwa yote, TRA wapate kodi yao ya faida ya mauzo, kibali cha uhamisho kitoke. Kama umeoa, mwenza wako lazima aridhie kwa maandishi. Na kama hati bado ipo kwa jina la aliyekuuzia au la marehemu mzee, hapo hesabu miezi, maana mirathi inaanza kwanza. Ndani ya wiki mbili utakachopata ni adivansi tu, nayo kama mteja anakuamini.

Chukua karatasi ufanye hivi, mimi nafanya kila Juni na Desemba. Kila mali iandikie bei mbili. Ya kwanza ni ile ya kusubiri, hiyo mil 70 yako. Ya pili naiita bei ya wiki mbili, yaani hela gani itaingia mkononi nikianza kuuza leo na siku ya 14 nimeshaishika, dalali ameshakatwa. Kwa mali zako mimi ningeandika hivi: viwanja viwili vya mkataba mil 7 kila kimoja kama bahati ipo, jumla 14. Chenye hati andika sifuri, usijidanganye na adivansi. IST inatoka haraka, yadi watakupa kama 9.5 siku hiyo hiyo, lakini kadi iwe jina lako, kama bado inasoma jina la mtu wa kwanza nenda kalimalize hilo wiki hii. Boda mbili zote mil 3. Na laki sita yako. Inakuja 27.1. Kwa hiyo kwenye mil 70 zako, dharura ya wiki mbili inakuta 27, na ili uzipate hizo 27 unabaki huna usafiri, huna boda za kukuingizia hela na viwanja viwili vimekwenda. Hela ambayo unaweza kuitoa bila kupoteza chochote ni laki sita. (Namba hizi nimekadiria, wewe ulizia bei za eneo lako, na usimuulize dalali "kina thamani gani", muulize "nani atanipa taslimu Ijumaa na atatoa ngapi", utasikia jibu tofauti kabisa.)

Kuna watu watakuja kukwambia hamia kwenye hatifungani za serikali, yaani uikopeshe serikali ikulipe riba, ndio salama. Salama kwenye malipo ndiyo, riba inaingia kila miezi sita. Ila mtu anayenunua ya miaka 25 kwa hela ya dharura anarudia kosa langu la Kibaha. Ukitaka kutoka mapema unauza kwa mwingine soko la pili kupitia dalali wa soko la hisa, na bei inategemea riba za siku hiyo. Tuseme umenunua ya asilimia 12, baadae mpya zinatoka na 15. Hakuna atakayekupa shilingi 100 kwa karatasi ya 12 wakati 100 hiyo hiyo inampa 15, atakupa kama 80 na ushee. Kwenye mil 10 umeacha karibu mil 2. Ukikaa mpaka mwisho hupotezi, ndio maana nasema inategemea unaweza kukaa au huwezi. Zikishuka riba unapata zaidi ya 100, lakini huwezi kupanga ugonjwa usubiri riba zishuke.

Fiksidi ya benki ni afadhali kuliko watu wanavyodhani. Ukiivunja kabla ya muda unapoteza riba, yote au sehemu, mtaji wako unarudi mzima, na benki nyingi zinaweza kukukopesha ukiweka hiyo fiksidi dhamana bila kuivunja. Saccos angalia kanuni za chama chako. Changu hisa huzitoi mpaka ujitoe uanachama kwa taarifa ya siku 60, na mkopo unasubiri kikao cha kamati, mama alivyoumia kikao kilikuwa kimefanyika siku nne nyuma.

Mimi sasa hivi nimepanga hivi. Matumizi ya nyumbani kwangu ni kama mil 1.1 kwa mwezi. Mil 1.5 ipo benki na kwenye simu, hiyo ni ya usiku huu huu. Mil 4 ipo UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, nimewahi kujaribu kutoa makusudi nione, niliomba Jumatatu hela ikaingia Alhamisi, haikukatwa kitu. Nakushauri na wewe ujaribu popote utakapoweka, toa laki moja uhesabu siku, maana maneno ya kwenye tangazo na siku halisi ya hela kuingia unataka ujue wewe mwenyewe kabla hujabanwa. Hivyo nina miezi mitano ya matumizi. Zaidi ya hapo sirundiki, maana bei za vitu zinapanda na mimi bado nataka ardhi, siipingi ardhi hata kidogo.

Sasa swali lako, uuze au utulie. Uza kimoja, ila anza sasa wakati huna shida, na uza cha mkataba, sio cha hati. Najua watu watasema uza cha hati ndio kina wateja. Ndiyo sababu ukibakize. Cha hati ndicho pekee unachoweza kukipeleka benki ukakopa bila kukiuza, na siku ukiuza kwa nguvu bei yake haitaanguka kama ile ya Kibaha. Cha mkataba kinachohitaji ni muda, na muda unao leo. Tangaza 12, kaa nayo miezi sita hata nane, usimwambie dalali unataka kufanyia nini, anayetaka awamu msikilize maana wewe wa awamu unaweza kumvumilia, ila muandikishane kwamba umiliki unahama akimaliza. Ikiingia hiyo hela weka pembeni miezi minne mpaka sita ya matumizi yako, inayobaki katafutie hati kile cha mkataba kitakachobaki kama eneo lina urasimishaji.

Wakati unasubiri mteja, hela ya boda usiiguse, iende moja kwa moja kwenye mfuko wa dharura. Boda mbili kwa hesabu ya elfu 10 kwa siku kila moja, hata ukitoa matengenezo na siku za kulala, ndani ya miezi minne unaweza kuwa na mil 1.5 kabla kiwanja hakijauzwa.

Rudi utuambie matumizi yako ya mwezi ni kiasi gani na hiyo hati inasoma jina la nani, hayo mawili hukuyaandika.