Barua kwa mwanangu: yule dada wa hoteli bado anasubiri bei

"Mama shikamoo. Yule dada mnunuzi wa hoteli ya Unguja niliyekutana naye Sabasaba, aliniomba bei na sampo ya pilipili manga tarehe 9 Julai, nikawa nasubiri bei ya mwisho ya mzee mkulima huku Amani, Muheza, mara malaria, mara nini, leo wiki ya 6 sijamjibu na meseji yake nilishaifungua. Naona aibu hadi kushika simu. Nimwandikie nini?"

Marahaba mwanangu. Pole na malaria, ila usiiweke kwenye hiyo meseji, nitakwambia kwa nini.

Kwanza usiandike chochote leo. Kesho asubuhi mpigie mzee umuulize zimebaki kilo ngapi zilizokauka kabisa na bei anayokuachia, siyo bei ya "tutaona". Pima nusu kilo, chekecha, toa vumbi na vijiti, funga vizuri uandike jina na tarehe. Uliza nauli ya mzigo kwa basi mpaka Dar na kwa boti mpaka Unguja. Ukimaliza hayo ndo unashika simu. Aliomba vitu viwili, bei na sampo, samahani ikienda mikono mitupu inakuwa meseji nyingine ya kumchosha, atakujibu "usijali" na mambo yameishia hapo, maana umemwachia kazi ya kukuomba upya kitu alichoshakiomba. Wala usianze na "mambo dada" halafu ukakaa kusubiri aitikie, mtu uliyemkalia kimya wiki 6 akiona mambo peke yake anajua unataka hela.

Mimi nilishafanya hilo kosa kwa namna nyingine. Zamani nikiuza karafuu na mdalasini kulikuwa na mnunuzi mmoja wa Mombasa, nikachelewa kumjibu karibu miezi miwili, nikamwandikia barua kurasa mbili, nimeeleza msiba, mvua, barabara, mtoto anaumwa (wewe huyo), nimejilaumu weee. Akanijibu mstari mmoja tu, "Pole. Bei ngapi?" Yaani kurasa mbili zote na bei sikuweka! Mpaka barua yangu ya pili inafika kashanunua kwa mtu mwingine. Kwa hiyo malaria iache. Siyo kwamba ni uongo, ila ukiitaja inabidi yeye aanze kukupa pole, mazungumzo yanahama kutoka pilipili manga yanakuwa ya afya yako, na bado wiki 6 ni nyingi kuliko malaria, atapiga hesabu mwenyewe.

Andika kwenye chati ileile aliyokuuliza, usifungue namba mpya wala usiende barua pepe, ili akipandisha juu kidogo aone swali lake mwenyewe. Bora zaidi bonyeza ile meseji yake ya Julai uijibu hiyohiyo, itatokea juu ya jibu lako, huna haja ya kumkumbusha sana. Na voisi usitume, mnunuzi wa hoteli yuko stoo au yuko na mpishi, hawezi kusikiliza dakika tatu atafute bei ilikotajwa. Hivi ndo ningeandika mimi:

"Assalam alaikum dada. Mimi ni yule wa pilipili manga za Amani, tulionana Sabasaba. Uliniuliza bei tarehe 9 Julai nikakaa kimya, kosa ni langu, nisamehe. Bei ni elfu 11 kwa kilo kuanzia kilo 20, mpaka bandarini Unguja, na haibadiliki hadi Septemba 15. Sampo ya nusu kilo iko tayari, ni bure. Niitume Alhamisi, iende jikoni kwa mpishi au ofisini kwako?"

Elfu 11 nimeweka kwa mfano, wewe weka yako baada ya hesabu ya kesho. Angalia samahani imekaa wapi, ni sentensi moja, haina "ila" wala "lakini" nyuma yake, na baada yake kuna bei. Tarehe 9 Julai nimeitaja makusudi, inaonyesha unajua umechelewa kiasi gani, mtu anayesema "nimechelewa kidogo" wakati ni wiki 6 anazidi kuudhi. Na swali la mwisho ni la kujibu kwa neno moja, jikoni au ofisini. Ukimuuliza "je bado mnahitaji?" umemfungulia mlango wa kusema hapana, na aliyekasirika kidogo ataupita huohuo.

Usimpunguzie bei kama fidia. Najua utashawishika. Ukimtoa kwenye elfu 11 ukampeleka elfu 9 kwa ajili ya samahani, atajiuliza ile elfu 11 ilikuwa ya nini, au pilipili zako zina unyevu unataka kuziondoa haraka, na oda ya pili atataka elfu 9 hiyohiyo. Sampo ya bure inatosha. Na "haitatokea tena" usiandike, hajakujua vya kutosha kuiamini. Hiyo Alhamisi ndo ahadi yako, itimize.

Tuma Jumanne au Jumatano kama saa 4 asubuhi, Jumatatu watu wa manunuzi wamefunikwa na oda za wiki, na Ijumaa mchana Unguja wako msikitini.

Akikujibu "jikoni", kuanzia hapo usichelewe hata nusu siku, maana sasa anakupima. Mzigo ukipanda basi piga picha risiti umtumie, ukipanda boti vilevile umwambie inafika saa ngapi, sampo ikifika mwache mpishi siku tatu ndo uulize.

Akisema wameshapata kwingine, usianze kuomba wala kumponda aliyewapelekea. Mwambie, "Nashukuru kunijibu dada. Oda ya msimu wa Desemba mnaanza kupanga mwezi gani?" Wageni Unguja wanajaa mwisho wa mwaka, mahoteli yanajaza stoo kabla, halafu masika Aprili na Mei biashara inalala. Akisema Oktoba, iandike kwenye kalenda yako, na sampo mtumie hata hivyo kama atakubali, mpishi akiwa na pilipili yako mkononi atalinganisha mwenyewe.

Tiki zikiwa bluu na kimya, kaa siku 4 au 5 halafu tuma picha ya ile sampo iliyofungwa na maneno machache, "Sampo yako hii hapa dada, basi linaondoka Ijumaa." Kimya tena? Wiki mbili mbele meseji moja ya mwisho kumwambia bei inaisha Septemba 15, basi, hapo unamwachia. Ya nne inakuwa kero, na mimi wateja wa hivyo wachache walinirudia baada ya miezi, hakuna aliyerudi kati ya wale niliowang'ang'ania.

Na siku nyingine mtu akikuuliza bei huna, mjibu siku hiyohiyo, "Bei naithibitisha kwa mkulima, nakupa Ijumaa." Dakika moja. Ungeandika hivyo tarehe 9 Julai tusingekuwa hapa.

Ukishaandika nitumie mimi kwanza niione, ila usinitumie saa 5 usiku kama kawaida yako. Na ule mzani wangu mdogo uko kwa shangazi yako Muheza, upitie kesho kabla hujaenda kwa mzee, ule wako wa betri unadanganya gramu.

Mama