Nilipoambiwa makala yangu imeandikwa na mashine

Juma lililopita dada mmoja wa Kayole aliniandikia akilia. Barua yake ya kuomba kazi ilikataliwa kwa kuwa "imeandikwa na mashine", ilhali aliiandika mwenyewe usiku mzima. Dada, nakuamini, kwa sababu yalinikuta hayo hayo mwaka jana.

Mteja mmoja hapa Nairobi aliniagiza makala ya Kiswahili kuhusu uhaba wa maji Mukuru. Nilizunguka mtaani siku mbili, nikaandika, nikatuma. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: hatulipii kazi ya roboti. Nilipata A ya Kiswahili katika KCSE, na naishi kwa kalamu. Lile neno bado linaniuma.

Hasira zilipopoa niliisoma tena aya yangu ya kwanza:

"Wahenga walisema maji ni uhai. Kwanza, wakazi wa mitaa ya mabanda hukumbwa na uhaba wa maji. Aidha, bei ya maji hupanda kupita kiasi. Isitoshe, usafi wake hauridhishi. Kwa hivyo, ni jukumu la kila mmoja wetu kuyatunza."

Toa "maji" uweke "umeme", badilisha "usafi wake" iwe "uthabiti wake" na "kuyatunza" iwe "kuutunza", na aya bado inasimama. Siku mbili za kutembea Mukuru hazikuacha alama hata moja humo. Nilikuwa nimeandika insha ya mtihani.

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE inakupa saa 1 na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja alama 20. Mtahini ana rundo la karatasi mbele yake na mwongozo wa kusahihisha pembeni, kwa hivyo walimu wetu walitufundisha kumwekea hoja mahali atakapoiona upesi: methali mlangoni, hoja moja kila aya, "aidha" na "isitoshe" kama vigingi, kisha "kwa kutamatisha". Siwalaumu, maana walitupitisha. Ila hakuna aliyetuambia tuyaache hayo pale mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Baadhi ya vigunduzi, yaani programu zinazokadiria kama maandishi ni ya mashine, hupima mambo mawili: neno linalofuata linakisika kwa urahisi kiasi gani, na sentensi zinatofautiana urefu kiasi gani. Mashine ya kuandika nayo huchagua maneno yenye uwezekano mkubwa wa kufuata. Mtu aliyekariri muundo hufanya vivyo hivyo kwa mkono wake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vigunduzi 7 insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine. Mwaka huo huo OpenAI, waundaji wa ChatGPT, waliondoa kigunduzi chao wenyewe kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Kwa hivyo ile asilimia unayoonyeshwa na kigunduzi haijui nani alishika kalamu. Inajua tu kwamba maandishi yanakisika.

Mimi niliirudia aya kutoka kwenye daftari langu:

"Jumanne saa tatu asubuhi mifereji ilikauka. Mtungi wa lita 20 uliokuwa shilingi 5 ulifika 20 kabla ya adhuhuri, na mama mwenye kioski akaanza kuwauzia kwanza wateja wake wa kila siku. Wengine walirudi na mitungi mitupu."

Hakuna "kwanza, pili" hapo, kwa sababu saa zenyewe zinapanga mambo. Sikuongeza pambo lolote. Nilitoa yale ambayo mtu asiyefika Mukuru angeweza kuyaandika, na nafasi ikajazwa na niliyoyaona.

Kumbukumbu za mkutano na barua rasmi ziacheni na sura yake: anwani, mtajo, waliohudhuria, yatokanayo. Hizo watu huzitafuta kwa macho, na mwanafunzi asiyezifuata hukatwa alama. Kwenye barua yako, dada, anwani na mtajo havina kosa. Kosa liko kwenye "mimi ni mchapakazi mwenye ari na nidhamu". Kama ulikuwa ukifunga hesabu za duka kila jioni, andika hilo, na uandike siku hesabu ilipokataa kulingana ulifanya nini.

Na uandikie mahali panapohifadhi nyayo zako. Kwenye Google Docs kuna Version history, inayoonyesha ulichoandika na ulichofuta, na saa. Mteja wangu nilimtumia hiyo pamoja na picha za kurasa za daftari. Alilipa baada ya wiki tatu, bila kuomba radhi.

Nitumie aya ya pili ya barua yako jioni ya leo, tuipitie sentensi moja moja.