Kuvunja ubia wa duka: barua iseme nini kuhusu mali na madeni

> "Wakuu, mimi na mwenzangu tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngarenaro, Arusha. Yeye anaondoka, mimi nabaki na duka. Tumeachana kwa amani ila kuna pikapu, mkopo wa benki na mali kauli. Barua ya kuvunja ubia tuiandikeje upande wa mali na madeni?"

Mkuu, kwanza angalia cheti chenu cha BRELA. Kama ni cha jina la biashara lenye majina yenu wawili, mko kwenye ubia na maelezo haya yanawahusu. Kama ni kampuni, njia ni nyingine kabisa, mnahamishiana hisa.

Ubia kwetu unasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kama hamkuweka muda maalum, mmoja akimpa mwenzake taarifa ya maandishi ubia unaweza kuishia hapo. Lakini barua ya mtu mmoja haigawi mali wala haihamishi deni. Sehemu ya mali na madeni lazima muisaini wote wawili, na ni vyema iwe mbele ya wakili na mashahidi wenu. Watu wengi wanaandikiana karatasi ya aya mbili, "tumeachana na hatudaiani", halafu mwaka unaofuata benki inampigia simu aliyeondoka.

Wekeni tarehe moja ya kukata mahesabu, tuseme 30 Juni duka likifungwa. Jioni hiyo hesabuni stoo pamoja na kila ukurasa msaini wote. Bidhaa zipigwe kwa bei mliyonunulia, maana faida ya bei ya kuuzia bado haijapatikana. Saruji iliyoganda iandikwe sifuri. Kisha tafuteni vitu ambavyo wateja wameshalipia na hawajachukua. Mtu amelipa mabati ya nyumba nzima, anasubiri fundi amalize kenchi, na mabati bado yako stoo kwenu. Hayo si mali yenu tena. Mkiyahesabu, mnagawana pesa ya mteja, na wewe unayebaki ndiye utakayemtolea mabati hayo baadaye.

Tuchukue mfano wa tarakimu. Stoo 38,000,000. Pikapu 14,000,000 kwa bei ya soko ya sasa, si mliyonunulia. Taslimu na benki 6,000,000. Wateja wanadaiwa 9,000,000, ila 3,000,000 kati yake ni za watu wasiopokea simu, kwa hiyo hesabuni 6,000,000 tu. Jumla 64,000,000. Upande wa pili mkopo wa benki una salio la 18,000,000 na wauzaji wa jumla wanadai 11,000,000. Ukitoa 29,000,000, inabaki 35,000,000.

Hapa ndipo watu wanapokosea: wanakata 35,000,000 katikati, kila mtu 17,500,000. Kama hamkupatana vinginevyo, mpangilio ni huu: madeni ya watu wa nje kwanza, kisha pesa ambayo mbia aliikopesha biashara mbali na mtaji wake, kisha mtaji wa kila mmoja, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kama mnavyogawana faida. Tuseme wewe uliwahi kukopesha duka 5,000,000, mtaji wako ni 12,000,000 na wa mwenzako 8,000,000. Unarudishiwa 5,000,000, mitaji inarudi 20,000,000, inabaki 10,000,000 ya kugawana nusu kwa nusu. Wewe unapata 22,000,000, yeye 13,000,000. Kukata katikati kungekunyima 4,500,000. Hesabu hii iambatanishwe na barua kama jedwali, ikiwa na sahihi zenu. Bila jedwali, barua inayosema "mali zimegawanywa kwa haki" haina nguvu siku mkibishana.

Sasa pikapu. Ni rahisi kusema mwenzako achukue gari na akurudishie 1,000,000, hesabu inakubali. Lakini kama pikapu ndiyo dhamana ya mkopo, kadi iko benki na gari halihamishiki hadi benki iliachie. Barua iseme wazi: nani analitumia hadi hapo, nani anakata bima, nani anabeba faini na ajali, benki iliachie kabla ya tarehe gani, na ikishindikana mwenzako alipwe 13,000,000 taslimu kwa awamu zipi. Kumwachia gari bila kubadilisha jina kwenye kadi ni kujitafutia kesi.

Mkopo ndio mahali pa kukaa muda mrefu zaidi. Makubaliano yenu wawili hayaifungi benki. Kwa benki, wote mliosaini bado mnadaiwa, na inaweza kumfuata yeyote. Kwa hiyo mnahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni barua kutoka benki yenyewe inayomwachia mwenzako, na mara nyingi haitoki bila wewe kuleta dhamana au mdhamini mwingine. Cha pili ni kifungu cha kinga ndani ya barua yenu, kwa mtindo huu:

"Kuanzia tarehe 1 Julai, Mbia Anayebaki anabeba peke yake deni la benki lenye salio la shilingi 18,000,000 pamoja na riba yake. Iwapo benki itamdai Mbia Anayeondoka kiasi chochote cha deni hilo, Mbia Anayebaki atamrudishia kiasi chote na gharama zake ndani ya siku 14."

Kifungu hiki hakiizuii benki kumdai mwenzako. Kinampa tu mwenzako haki ya kukudai wewe. Mwenzako akiwa na wakili makini, atakataa kusaini kabla barua ya benki haijatoka, na ana haki.

Mali kauli ina hatari yake. Muuzaji wa jumla aliyezoea kuwapa mzigo wote wawili ataendelea kuamini hivyo mpaka aambiwe. Kila mmoja apelekewe barua kwa mkono, agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala, na salio lake la 30 Juni liandikwe humo ili alithibitishe. Kwa umma, tangazo gazetini linasaidia. Zile 3,000,000 za wateja wagumu ziwekewe sentensi yake: wewe utazikusanya, na kila inayopatikana mgawane nusu kwa nusu kila mwisho wa mwezi.

Wengi wanasahau kodi ya miaka iliyopita. TRA wanaweza kukagua hesabu za zamani baada ya mwenzako kuondoka. Andikeni kwamba kodi, adhabu na riba za kipindi cha hadi 30 Juni mtabeba wote kwa uwiano wa faida, hata zikigundulika baadaye, na kwamba vitabu na risiti za EFD zinabaki dukani ila yeye ana ruhusa ya kuziona. Fremu, lipa namba na akaunti zinataka mstari mmoja mmoja tu: mwenye fremu akubali mkataba ubaki kwa jina lako, na sahihi ya mwenzako iondolewe benki siku hiyo hiyo. Mkilipana kilemba, kiandikwe kiasi chake. Msipokiandika hakimo kwenye hesabu.

Mkishasaini, hati ipelekwe TRA kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30, kwa sababu isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani. Kisha ingia kwenye mfumo wa BRELA ubadilishe taarifa za jina la biashara, na kwa TIN uende TRA na nakala ya hati hiyo hiyo.