Nyimbo za kupamba nyumba kabla ya Noeli: kwetu wimbo ndio saa ya gundi

"Wandugu, Desemba hiyo inakuja. Kila mwaka nataka familia ipambe nyumba huku ikiimba, niko na watoto wanne, mke wangu na mama mkwe. Tunaanza vizuri, dakika kumi wimbo umekufa, mtu anawasha spika na kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Ninyi mnaimba nyimbo gani?"

Ndugu, wimbo wenu unakufa kwa sababu mikono haiuhitaji. Kwetu hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, ulikuwa unakufa vilevile mpaka mwaka tulipoacha kuimba pembeni ya kazi tukauingiza ndani yake. Nitakueleza kazi moja tu, ile minyororo ya karatasi inayovuka sebule kutoka kona hadi kona, maana hapo ndipo tulipojifunza.

Mwanzo nilikosea mimi. Niko kwaya ya parokia, basi nikaja na wimbo wa sauti nne. Ikawa mazoezi ya kwaya: mke wangu anatafuta sauti ya pili, kijana wangu wa kwanza anatafuta besi ambayo bado hana, na mikono yote imesimama. Tena kambo, mama ya baba yangu, akanikemea. Kwake Majilio ni Majilio. Kanisani Gloria haiimbwi misa za Jumapili za kipindi hicho, sasa kwa nini nyumbani Mtoto azaliwe tarehe 14? "Mwimbe za kungojea," akasema. Nikamwambia za kungojea ninazozijua zote ni za huzuni. Akasema basi tunga.

Kwa hiyo tulitunga, na mtungaji mkuu alikuwa yeye. Ni wimbo wa kuita na kuitikia wenye miito minne. Anayeimbisha anabadilisha maneno kila mzunguko, wanaoitikia hawabadilishi kitu:

Yaya wa Likasi yuko njiani — Mlango usifungwe!
Anabeba kuku wawili — Mlango usifungwe!
Miguu imemchoka — Tushike, tushike!
Amefika uwanjani — Karibu ndani!

Mzunguko unaofuata anakuja mjomba wa Kipushi na gunia la makala, halafu shangazi wa Kolwezi ambaye kila mtu anajua hajawahi kuja na kitu mkononi. Kambo anajua aibu za ukoo mzima, watoto wanangoja kusikia nani anafuata. Hapo ndipo uhai wa wimbo ulipo. Ungekuwa na beti tatu zilezile, watoto wangechoka kabla ya pete ya kumi.

Sasa angalia mikono. Kila mzunguko ni pete moja ya karatasi. Mwito wa kwanza unapaka gundi kwenye ncha ya kipande. Wa pili unakipitisha ndani ya pete iliyotangulia na kukikunja, ncha juu ya ncha. Wa tatu na wa nne ni kubana kwa vidole, hakuna kingine, na hakuna kuachia mpaka "ndani!" itoke mdomoni. Kila mwito na kiitikio chake kwetu ni kama sekunde 5, kwa hiyo kubana kunapata sekunde 10. Gundi ya unga inataka muda huo ili ishike kidogo bila kufunguka. Mwambie mtoto wa miaka 7 "bana kwa sekunde kumi", atabana tatu. Mpe neno la kuachia, atabana mpaka neno lenyewe lifike, tena atamkaripia dada yake aliyewahi.

Gundi yenyewe ni unga wa ngano, vijiko vitatu vya chakula kwa kikombe cha maji. Koroga kwanza na maji baridi ili usipate mabonge, kisha weka motoni na kukoroga hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Iache ipoe kabisa. Karatasi nzuri ni ya daftari la shule lililokwisha, au jalada la rangi ambalo si gumu sana. Ile ya zawadi inayong'aa haifai, gundi ya unga haiingii ndani yake, inateleza tu juu. Ya gazeti nayo inalowa na kukatika.

Vipande tunakata urefu wa sentimita 20 na upana wa 3. Ncha zikilaliana sentimita 2 unapata pete yenye kipenyo karibu sentimita 6. Sebule yetu ni mita 4 kwa 3 na nusu, basi kutoka kona hadi kona ya mbali ni mita 5 na kidogo. Ukitaka mnyororo ulegee kidogo katikati uwe na tumbo, hesabu mita 5 na nusu, yaani pete kama 95. Kona nne ni minyororo miwili, pete 190. Tulikuwa watano wa kubandika, kila mtu pete 38 kwenye kipande chake cha mnyororo, na mwisho tunaunganisha. Kwa hiyo kambo alitakiwa kuleta wageni 38. Aliwaleta wote, na wawili walikuwa marehemu, Mungu awarehemu, nao walikaribishwa ndani.

Kwenye hesabu, mizunguko 38 ya sekunde 20 ni dakika 13. Kwa kweli ilitupeleka karibu saa nzima, na umeme ukakatika katikati. Ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyeuliza habari ya spika. Tuliwasha mishumaa tukaiweka mbali na karatasi, wimbo ukaendelea.

Lakini usidhani yote yalikwenda vizuri. Asubuhi tulikuta pete kama thelathini zimefunguka, mnyororo mmoja umelala sakafuni vipande vipande. Mke wangu alisema ni unyevu wa mvua, na kweli Desemba kwetu ni mvua tupu. Mimi nilizikagua moja moja. Zote zilikuwa za mwisho mwisho, na hakuna iliyochanika: ncha zilikuwa nzima, gundi imekaukia upande mmoja, upande wa pili karatasi ni safi kama haijaguswa. Ingekuwa gundi ni nyepesi mno, karatasi ingelowa na kuchanika pale pale inapokutana. Ingekuwa unyevu, zingefunguka za mwanzo pia, maana zote zilikesha chumba kimoja. Hizi hazikubanwa tu. Nikakumbuka: kuelekea mwisho watoto walishapata moto, kambo anataja majina ya kuchekesha, wimbo ukaanza kukimbia. Mwito wa sekunde 5 ukawa wa 2 na nusu. Kubana kukabaki nusu yake.

Tangu hapo anayeimbisha habandiki. Kambo vidole vyake vinamuuma, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yake tayari, tulichoongeza ni kijiko na sahani ya bati. Anagonga polepole, na akiona tunakimbia anaacha kuita, anagonga peke yake mara nne, tano, sisi tukiwa tumebana vidole kama wajinga. "Bana, mushikilie! Haiyaisha!" Kupiga makofi tumekataza, mikono ina gundi na kila kofi ni pete iliyoachiwa. Ukitaka ngoma, tumia mguu sakafuni.

Kwa mama mkwe, angalia jambo moja: mwacheni yeye aanzishe sauti. Mimi nikianzisha, naanza pale panaponifaa mimi, na kiitikio kinapopanda wazee wananyamaza. Kambo akianzisha, inakuwa chini kidogo kwa watoto lakini hakuna anayeachwa nje. Ukilazimika kuanzisha wewe, jaribu kwanza kimoyomoyo ile sauti ya juu kabisa ya wimbo, ndipo ushuke kwenye neno la kwanza.

Kutundika tunakuweka mchana wa tarehe 24, na hapo kambo anafungua mlango wa nyimbo za Noeli zenyewe. Ule wa Kifaransa wa malaika wenye "Gloria" ndefu ndio wetu wa kuvuta. Mmoja amesimama kwenye kiti kona ya kwanza ameshika ncha, mwingine anatembea na mnyororo kuelekea kona ya pili kwa muda wote ambao "Glo" inashuka ngazi zake. Pumzi ikifika mwisho anakuwa ameshafika ukutani. Ukitembea taratibu hivyo, pete haziminywi na kuvutana. Aliye juu ya kiti haimbi, ana misumari midogo mdomoni, naomba hili mlizingatie. Mwaka mmoja kijana wangu alijaribu kuitikia na misumari ikamwagika yote chini ya sofa, tukaitafuta na tochi ya simu.

Na ule wa usiku mtulivu, uliotoka Austria, ambao mara ya kwanza uliimbwa kwa gitaa mkesha wa Noeli 1818, watu hupenda kuuwekea kila kazi kwa kuwa kila mtu anaujua. Mwendo wake ni wa kubembeleza mtoto. Kwa kufagia ukumbi unakuchelewesha, kwa kubandika watoto wadogo wanasinzia kweli. Kwetu unaingia mwisho, kila kitu kikiwa juu, taa imezimwa tuone kama mishumaa inatosha.

Baada ya Epifania tunashusha minyororo na kuichoma. Usiihifadhi kwa mwaka unaofuata. Nilijaribu kuiweka kwenye katoni juu ya kabati, na mende walikula gundi yote, wakaniachia vipande 190 vilivyonyooka.