Filamu niliyoahidi siyo niliyoileta: nilivyomwandikia mfadhili

Juzi dada mmoja aliniandikia usiku. Filamu yake ya hali halisi imekamilika, ripoti inatakiwa Ijumaa, lakini alichokipiga sicho alichokiombea ruzuku. Aandike nini? Nilimjibu kwa kirefu, maana kosa hilo nimeshalilipia.

Ripoti yangu ya kwanza niliipamba. "Shughuli zote zimetekelezwa kama zilivyopangwa," niliandika. Ofisa wa mradi akaitazama filamu, akakuta vijiji viwili badala ya vinne. Hakunigombeza. Hakunijibu tena, na ukimya ule unaniuma mpaka leo.

Safari hii nilikuwa na wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Niliahidi dakika 52 za mama mmoja, tangu kupanda hadi kuuza. Nikaleta dakika 38 za wanawake watatu.

Mwani wa kotonii hauvumilii maji yakipata joto sana kwenye kina kifupi. Hugeuka mweupe, hulainika, kisha hukatika kwenye kamba. Kikundi kikahamishia mashamba kwenye kina kirefu, ambako hata maji yakipwa bamvua hufiki kwa miguu. Nikakodi boti siku 18 kwa shilingi 150,000 kwa siku. Hizo ni 2,700,000 ambazo hazikuwemo kwenye bajeti. Nilichukua 1,200,000 kutoka kifungu cha kuchanganya sauti na 1,500,000 kutoka tafsiri ya Kifaransa. Kwenye jedwali, mkabala na tofauti hiyo, niliandika: tulihamisha fedha bila kuomba kibali kwanza, tulipaswa kuomba, na kwa sababu hiyo filamu haina tafsiri ya Kifaransa.

Mwenzangu, usiandike "changamoto za hapa na pale". Taja kilichobadilika, kilichokibadilisha, kiasi cha fedha, na kilichokosekana mwishoni. Ofisa naye ana bodi ya kuijibu. Ukimficha, unamwachia yeye aibu.

Ila ukweli una mpaka wake. Kuhusu yule mama niliandika sentensi moja: "Mhusika mkuu aliondoa ridhaa yake, na picha zake hazikutumika." Sababu ni ya nyumbani kwake. Mfadhili alilipia filamu, hakununua siri za mtu.

Barua ya shukrani niliiandika peke yake, nusu ukurasa, bila hesabu wala ombi jipya. Nilimsimulia mfadhili mandhari moja tu ambayo boti ile ilitupatia: mkulima asiyejua kuogelea, mkono mmoja umeshika ukingo wa boti, mwingine unavuta kamba ya mwani. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile.

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Waliipokea ripoti, wakauliza kuhusu hati mbili za malipo ya boti zisizo na tarehe. Sikuzijaza mwenyewe. Nilirudi kwa nahodha, akaandika maelezo kwa mkono wake, akatia saini na tarehe ya siku ile ile aliyoandika.